Sulhu ya Hudaibiya: sharti lililowageukia walioliweka

Dhulkaada, mwaka wa 6 Hijria (628), Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka Madina na Maswahaba wapatao 1,400 kwenda umra. Makureshi wakawazuia wasiingie Makka, Waislamu wakapiga kambi Hudaibiya, karibu na Makka. Wajumbe walikwenda na kurudi, mwisho akaja Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, kuandikiana sulhu ya miaka 10.

Mwandishi alikuwa Ali. Suhail aliikataa "Bismillahir Rahmanir Rahim", ikaandikwa "Bismika Allahumma". Akalikataa na "Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu": kama tungelikubali hilo, alisema, tusingekuzuia Al-Kaaba. Ali hakukubali kulifuta. Mtume akalifuta mwenyewe, likaandikwa "Muhammad bin Abdillahi". Mwenye kusoma haraka huona hapo unyonge. Mimi naona mtu anayejua kilichomleta. Jina aliliacha, lakini vita vilisimama, umra ilikubaliwa kwa mwaka uliofuata, siku tatu, panga zikiwa alani, na kabila lolote likawa huru kujiunga na upande liutakao.

Sharti zito lilikuwa la wakimbizi: Mkureshi akija kwa Mtume bila idhini ya walii wake atarudishwa, lakini atakayetoka kwa Mtume kwenda kwa Makureshi harudishwi. Upande huu wa pili haukumsumbua. Aliyewaacha Waislamu kwa hiari yake, wa nini tena?

Upande wa kwanza ndio uliouma. Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhail mwenyewe, akijikokota na minyororo miguuni. Mtume alisema maandishi hayajakwisha, akaomba aachiwe huyu mmoja tu. Suhail akagoma: asiporudishwa, hakuna sulhu. Akarudishwa, Waislamu wakitazama. Umar alishindwa kujizuia, akauliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao.

Baadaye Abu Basir, Mwislamu mwingine aliyekuwa Makka, naye alikimbilia Madina. Makureshi wakatuma watu wawili, Mtume akamkabidhi. Walipofika Dhul-Hulaifa, Abu Basir alimwomba mmoja upanga wake autazame, akamuua nao, mwenzake akakimbia. Abu Basir akarudi akasema: ahadi yako umeitimiza. Na kweli ilitimizwa, ila Mtume hakumpa hifadhi. Abu Basir alipoona atarudishwa tena, akaenda zake pwani ya Bahari ya Shamu, kwenye njia ya misafara ya Makka kwenda Shamu. Abu Jandal akamfuata huko, na wengine wakaongezeka.

Utazame sasa mkataba wenyewe. Ulimfunga Mtume kuwarudisha wanaomjia. Hawa hawakuwa kwake, hawakuwa Madina, na hakuna kifungu kilichomtaka awafuate pwani. Kila msafara uliopita ulivamiwa, hadi Makureshi wenyewe wakatuma ujumbe wakimsihi Mtume, kwa Mungu na kwa udugu wa nasaba, awaite watu wale Madina, na kwamba atakayemjia tangu hapo hatadaiwa.