Hotuba ya dakika tatu mstarini: fungua faili lililopanda kwenye barua

Mwezi Juni shule za bweni za Mtwara zinapofunga, wanafunzi hurudi Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, na kazi za likizo huwafuata huko. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo wengi hutuma kazi kwa simu ya mjomba au kwa kompyuta ya stesheni, yaani duka la uchapaji, tena kwa haraka. Mkuu wa shule akitaka mafaili yafike yakiwa mazima, hotuba ndefu juu ya kompyuta haitamsaidia. Anahitaji maneno machache yenye kitendo ndani yake. Haya ndiyo ninayopendekeza, kisha nitaeleza kwa nini kila agizo limo.

"Wanafunzi, hamjambo. Kesho mnafunga shule, na kazi za likizo mtazituma kwa barua pepe ya shule. Leo nina jambo moja tu. Kabla hujamtumia mwalimu, jitumie mwenyewe. Andika barua, ambatisha faili, weka anwani yako au ya mzazi wako, tuma. Ikishaingia, ifungue barua hiyo, ugonge kiambatisho, ushuke mpaka ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho, siyo wa kwanza. Kama kazi yako ina kurasa sita, zihesabu sita. Zikitimia, usiambatishe upya. Chukua barua ileile uliyoifungua, uisambaze kwa mwalimu wako. Ndani yake andika jina, kidato, somo na idadi ya kurasa. Faili likikataa kufunguka, usilitume kwa matumaini kwamba kwa mwalimu litafunguka. Rudi kwenye faili la asili uanze tena. Na msisubiri Jumapili jioni ya mwisho wa likizo. Anzeni Ijumaa, ili mkikuta tatizo stesheni iwe bado wazi. Yeyote ambaye hakuelewa amwone mwalimu wa TEHAMA leo kabla ya chakula cha mchana. Safari njema, nisalimieni wazazi."

Ukiisoma bila haraka haifiki dakika tatu. Uzito wake wote umo katika agizo la kujitumia kwanza.

Mwanafunzi akiambiwa "hakikisha faili linafunguka", hufungua lile lililoko kwenye kompyuta alikoandikia. Linafunguka, anaridhika, anatuma. Lakini kati ya faili hilo na barua kuna vituo kadhaa: kuhifadhi, kunakili kwenye flashi, kuhamisha kwenye simu, kuchagua katika orodha, kupakia kwa mtandao. Vingi vya vituo hivyo hutoa nakala mpya, na nakala yoyote inaweza kuharibika au kuchaguliwa siyo. Ukilifungua la asili umepima kituo cha kwanza tu. Ukikifungua kiambatisho ndani ya barua iliyokwisha kufika, umepima vyote kwa mara moja.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kidato cha tatu yuko Tandahimba, kazi yake ni ya Jiografia kuhusu zao la korosho: kurasa sita, na picha tatu za mikorosho inayopuliziwa salfa. Ameiandika kwa Word kwenye kompyuta ya stesheni, akaihifadhi moja kwa moja kwenye flashi. Faili linaitwa `Jiografia_F3_Korosho.docx` na lina ukubwa wa 840 KB. Stesheni inafunga, anachomoa flashi huku Word ikiwa bado imefungua kazi. Nyumbani anaichomeka flashi kwenye simu kwa kiunganishi chake, anafungua Gmail, anaambatisha, anatuma. Barua inaondoka bila lawama yoyote. Mwalimu akigonga kiambatisho, hakifunguki.

Ukiitazama flashi ile kwa utulivu utakuta mafaili mawili:

```
Jiografia_F3_Korosho.docx     840 KB
~$ografia_F3_Korosho.docx     162 B
```

La pili halikutengenezwa na mwanafunzi. Word ikifungua faili huweka pembeni yake kifaili kidogo kinachotunza jina la anayelitumia, ili mtu mwingine asilihariri kwa wakati huohuo. Jina lake ni lilelile la faili lako, ila herufi mbili za mwanzo zimebadilishwa kuwa `~$`. Ukifunga Word kwa utaratibu, kifaili hicho kinafutwa. Ukichomoa flashi kabla, au umeme ukikatika, kinabaki. Kwenye Windows huwa kimefichwa, ndiyo maana wengi hawajawahi kukiona. Simu nyingi haziufuati ufichaji huo wa Windows, kwa hiyo yote mawili yanaonekana katika orodha, yakiwa na alama ileile ya Word na mwisho uleule wa jina. Kwenye kioo kidogo, kidole kinagusa lolote. Baiti 162 hazina hata sentensi moja ya kazi, na hakuna fundi atakayeweza kuitoa humo.

Kasoro hii inagundulika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukubwa ulioandikwa chini ya jina la kiambatisho. Kazi yenye picha tatu haiwezi kuwa na baiti 162. Tofauti ndogo isikutishe: kompyuta inaweza kuandika 840 na simu ikaandika 860 kwa faili lilelile, kwa sababu moja inahesabu kilobaiti kuwa baiti 1024 na nyingine baiti 1000. Unachotafuta ni pengo kubwa, au sifuri. Njia ya pili ni hiyo iliyomo kwenye hotuba, yaani kugonga na kushuka mpaka chini. Mwanafunzi wa Tandahimba angejitumia kwanza, angelijua tatizo ndani ya dakika mbili, flashi ikiwa bado mkononi mwake.

Agizo la kufika ukurasa wa mwisho lina sababu yake. Mafaili hayaharibiki kwa namna moja. Faili la `.docx` kwa kweli ni furushi lililobanwa, lenye maandishi, picha na mipangilio ndani yake, na orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni kabisa. Kunakili kukikatika katikati, orodha hiyo haipo, na Word inalikataa faili zima hata kama maandishi mengi yamepona. Hapo angalau unajua. Picha ya `.jpg` iliyokatika ni hatari zaidi, kwa sababu inafunguka: nusu ya juu inaonekana vizuri, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Mwanafunzi aliyepiga picha kurasa za daftari anaona mistari ya juu, anasema tayari, kumbe maswali matatu ya chini hayapo. PDF iko katikati. Programu nyingine hulikataa faili lililokatika, nyingine hujitahidi kuliunga na kukuonyesha kurasa chache zilizosalimika. Ndiyo maana mkuu wa shule anataka hesabu ya kurasa, wala hatosheki na neno "limefunguka".

Kosa jingine ambalo hotuba hailitaji kwa jina, lakini kujitumia kunalifichua, ni la kubadili jina la faili. Mwalimu akisema anataka PDF, mwanafunzi anafuta `.docx` mwishoni na kuandika `.pdf`. Kilichobadilika ni kibandiko tu. Furushi ndani ni lilelile, na kisomaji cha PDF hakilielewi. PDF halisi hupatikana ndani ya Word kwa `Save As` au `Export`, kisha kuchagua PDF. Na flashi iliyopita stesheni nyingi mara nyingi ina virusi vinavyoficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato mahali pake, vifaili vya KB 1 au 2 vyenye mwisho wa `.lnk`. Vifaili hivyo Gmail inavikataa papo hapo. Ukikataliwa, usigombane na mtandao, itazame flashi.

Sasa neno "isambaze". Hapa ndipo ningemwomba mkuu wa shule apunguze kasi na kurudia mara mbili, maana ndipo watu wazima pia hukosea. Mwanafunzi amejitumia, amefungua, kurasa sita zimetimia. Kisha anaandika barua mpya kwa mwalimu na kuambatisha upya kutoka kwenye flashi. Amerudi kwenye orodha ileile yenye mafaili mawili, na kipimo chake chote kimepotea. Akibonyeza `Forward`, kiambatisho alichokipima ndicho kinachokwenda. Asibonyeze `Reply`, kwa sababu kujibu huacha kiambatisho nyuma, na mwalimu atapokea barua tupu. Kabla ya kutuma atazame chini ya barua kama jina la faili bado lipo.

Wazazi wataulizia bando, na ni haki yao. Kazi ya maandishi peke yake kwa kawaida ni makumi ya KB, na hii ya korosho haijafika hata MB 1, hivyo kuituma na kuifungua mara moja ni gharama ndogo. Mzigo uko kwenye picha za daftari: picha moja ya simu inaweza kuwa MB 3 au 4, na kurasa nane zikafikia MB 30. Gmail hairuhusu viambatisho kuzidi MB 25 kwa barua moja, na faili hunenepa kwa karibu theluthi likifungwa kwa safari ya barua pepe, kwa hiyo salama yako ni kama MB 18. Afadhali kurasa hizo zipigwe kwa programu ya kuskani ya simu na kutoka kama PDF moja. Ukubwa hushuka sana na mpangilio wa kurasa haupotei.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na mwalimu wa TEHAMA anapaswa kuujua. Kiungo cha Google Drive kitakufungukia wewe siku zote, kwa kuwa ni chako, huku mwalimu akikutana na ombi la ruhusa. Kwa hiyo kwa kazi hizi tunataka faili lenyewe, kiungo hapana. Vilevile kazi iliyohifadhiwa kwa mwisho wa `.wps` itafunguka kwenye simu yenye programu ya WPS na kukwama kwingine. Aliyeandika kwa WPS ahifadhi kwa `.docx` au PDF.

Upande wa shule kuna kazi pia. Anayepokea afungue siku hiyohiyo, ahesabu, kisha ajibu kwa mstari mmoja: "Jiografia, kidato cha tatu, nimeona kurasa 6." Mwanafunzi aliyeandika kurasa 6 na kujibiwa 4 bado ana flashi nyumbani, na stesheni itafunguliwa kesho asubuhi.