Shamba la Manjano Kwenye Picha: Jinsi Mimea Inavyotaja Majira na Kizio

Picha inaonyesha shamba pana la maua ya manjano, nyuma yake safu ya miti. Maelezo yake yanasema ilipigwa tarehe 12 Septemba, kaskazini mwa Ufaransa. Picha za namna hii hutufikia mara kwa mara sisi tunaohakiki picha, na anayeuliza hutaka kujua jambo moja: maelezo haya yanaingia akilini? Nitaitumia picha hii kama mfano, maana karibu kila hatua ya kusoma majira kutokana na mimea imo ndani yake.

Tuanze na mpaka wa ushahidi wenyewe. Mimea hutaja majira, haitaji kizio, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini au kusini mwa ikweta. Shamba lililochanua mwanzoni mwa majira ya kuchipua lina sura ileile liwe Ulaya mwezi wa Aprili au kusini mwa Australia mwezi wa Septemba. Kizio hupatikana pale tu majira yanapokutana na tarehe. Majira ya kuchipua pamoja na mwezi wa Septemba ni Kizio cha Kusini, na majira hayohayo pamoja na mwezi wa Aprili ni Kizio cha Kaskazini. Bila tarehe ya kuaminika unabaki na majira peke yake, na anayetamka kizio kwa kutazama maua tu anabahatisha.

Sasa turudi shambani. Manjano hayo ni ya mmea gani? Wengi watasema ni kanola, zao linalolimwa kwa ajili ya mbegu zake za mafuta, na mara nyingi watakuwa sahihi. Lakini kuna haradali nyeupe, ambayo licha ya jina lake huchanua manjano, na wakulima wa Ulaya huipanda mwezi wa Agosti baada ya kuvuna ngano ili ifunike na kulinda udongo. Haradali hiyo huweza kuchanua Oktoba au Novemba, wakati kanola ya mashamba hayohayo ndiyo kwanza ina majani machache chini. Ukichanganya mimea hii miwili, utakosea kwa nusu mwaka mzima, na hilo ndilo kosa linaloharibu uchambuzi mwingi wa picha za mashamba ya manjano.

Kuitofautisha kunahitaji picha yenye mimea ya mbele inayoonekana vizuri. Tazama majani ya juu kwenye shina. Ya kanola hayana kikonyo. Sehemu ya chini ya jani hulikumbatia shina, na jani lenyewe ni laini, lenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu-kijivu kwa sababu ya nta iliyolifunika. Jani la haradali nyeupe lina kikonyo, limekatikakatika pembeni, ni la kijani cha kawaida na lina manyoya. Maganda ya mbegu yakiwa yameshatokea, ya haradali ni mafupi, yana manyoya na ncha pana iliyobapa kama upanga, ilhali ya kanola ni marefu, membamba na laini. Kwenye picha yetu mimea ya mbele ina majani ya buluu-kijivu yanayokumbatia shina. Ni kanola.

Hatua inayofuata ni kujua uchanuaji umefika wapi. Kanola huchanua kuanzia chini ya kikonyo cha maua kwenda juu. Ukiona maua machache yamefunguka chini huku juu kumejaa vitumba, uchanuaji umeanza. Ukiona maganda membamba chini, maua katikati na vitumba vichache juu, shamba limevuka kilele, na ndivyo ilivyo kwenye picha yetu. Wataalamu wa kilimo huandika hatua hizi kwa kipimo kiitwacho BBCH, ambacho 60 ni maua ya kwanza, 65 ni kilele na 69 ni mwisho wa kuchanua. Shamba zima kwa kawaida huchanua kwa majuma matatu hadi matano, zaidi kukiwa na baridi, kwa hiyo hatua hiyo hukupunguzia sana wigo wa tarehe. Ila angalia shamba, si mmea mmoja. Kanola huangusha mbegu, na mimea inayojiotea kando ya barabara huweza kuchanua wakati ambao hakuna shamba lililochanua.

Hata hivyo zao peke yake halitoshi kutaja majira, kwa sababu tarehe ya kupanda huamuliwa na mkulima. Ngano iliyokomaa ni mfano mzuri. Watu wengi wakiona masuke ya dhahabu hufikiria majira ya joto, lakini nyanda za kaskazini mwa India huvuna ngano Machi na Aprili, Ufaransa Julai, nyanda za Kanada Agosti na Septemba, na Australia huvuna zaidi Novemba na Desemba. Kanola nayo ni hivyohivyo: ile ya Ulaya hupandwa mwishoni mwa Agosti, hupitisha baridi ikiwa imejikunyata ardhini, kisha huchanua Aprili na Mei. Ya Kanada hupandwa Mei na kuchanua mwishoni mwa Juni na Julai. Nchini China mashamba ya Luoping, mkoani Yunnan, huchanua Februari na Machi, ilhali yale ya Menyuan kwenye uwanda wa juu wa Qinghai husubiri hadi Julai.

Ndiyo maana macho yangu hutoka shambani haraka na kwenda kwenye miti. Mti unaopukutisha majani haupangiwi na mkulima. Unafuata joto na urefu wa mchana wa pale uliposimama. Kwenye picha yetu, miti ya nyuma ina majani madogo ya kijani kinachoelekea manjano, na matawi bado yanaonekana kupitia katikati yake. Hayo ni majani machanga: membamba, yenye klorofili kidogo, yanayopitisha mwanga. Katikati ya majira ya joto majani yaleyale yangekuwa mazito, ya kijani kilichokolea, na matawi yangefichika kabisa. Ingekuwa haradali ya Oktoba huko Ulaya, miti ingekuwa imeanza kugeuka, klorofili ikivunjika na rangi za manjano zilizokuwa zimefichwa chini yake zikijitokeza.

Hapa lazima niseme neno kuhusu rangi. Kijani kinachoelekea manjano ni ushahidi dhaifu ukisimama wenyewe, kwa sababu simu na programu za kuhariri hubadilisha rangi bila mtu kujua. Tafuta kitu ambacho rangi yake inajulikana, kama mstari mweupe wa barabara au wingu. Likiwa nalo linaelekea manjano, basi picha nzima imeongezewa manjano. Umbo haliharibiki kirahisi hivyo: ukubwa wa jani, uwazi wa matawi, vitumba, matunda. Mimi huamini umbo kwanza na rangi baadaye.

Mtego mwingine wa rangi ni ukame. Mwezi wa Agosti 2022 miti mingi ya Uingereza iligeuka kahawia na kupukutisha majani, ikaonekana kana kwamba majira ya kupukutika yamefika mapema. Nyasi ndizo hutoa siri. Wakati wa ukame nyasi hukauka na kuwa rangi ya majani makavu huku miti mingine bado ni kijani, kwa kuwa mizizi yake inafika mbali zaidi. Kwenye majira halisi ya kupukutika, katika nchi zenye mvua wakati huo, mambo hugeuka: miti ni ya manjano na nyasi chini yake ni mbichi. Jani la ukame pia huanza kuungua pembeni na huweza kubaki limening'inia.

Turudi kwenye madai. Tuna kanola iliyovuka kilele kidogo na miti yenye majani machanga. Vyote viwili vinasema majira ya kuchipua. Kaskazini mwa Ufaransa tarehe 12 Septemba, kanola ama imepandwa juzi ama ina majani mawili matatu, na miti bado ina majani mazito ya mwisho wa joto. Maelezo ya picha hayawezi kuwa sahihi yote kwa pamoja. Ama mahali ni pa kweli na picha ni ya Aprili au Mei, ama tarehe ni ya kweli na picha ni ya Kizio cha Kusini, kwa mfano kusini mwa Australia au Rasi ya Magharibi nchini Afrika Kusini, ambako kanola huwa na maua Agosti na Septemba. Mimea haiwezi kuchagua kati ya haya mawili. Inaweza pia kuwa yote mawili ni ya uongo.

Wengi husimama hapo, au mbaya zaidi, huchagua jibu wanalolipenda. Mikaratusi ikionekana kwenye picha watu hukimbilia kusema Australia, ilhali mti huo umepandwa Ureno, Kalifonia na kwingineko kwingi. Njia bora ni kutafuta ushahidi wa aina nyingine. Faili asilia likipatikana, soma `DateTimeOriginal`, yaani tarehe na saa ya kupiga picha ambayo kamera huiandika ndani ya faili, ukikumbuka kwamba saa ya kamera huenda haikurekebishwa na kwamba mitandao ya kijamii mara nyingi huifuta taarifa hiyo. Kama shamba linalodaiwa linajulikana lilipo, fungua picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni za bure, zipo tangu 2015, na kwa kawaida hupita mahali palepale kila baada ya siku tano au chini ya hapo. Kanola iliyochanua huonekana manjano hata kutoka angani. Ukikuta shamba lile lilikuwa udongo mtupu katikati ya Septemba na manjano mwezi wa Aprili mwaka huohuo, umepata jibu, ilimradi mawingu hayakulifunika.

Ukadiriaji wa tarehe uache nafasi ya mwinuko na latitudo. Mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Andrew Delmar Hopkins, alitoa kanuni kwamba matukio ya majira ya kuchipua huchelewa siku nne kwa kila digrii moja ya latitudo kwenda kaskazini, na siku nne kwa kila futi 400 za mwinuko, yaani karibu mita 120. Aliipima Amerika Kaskazini, kwa hiyo kwingineko ni makadirio tu, lakini inaonyesha jinsi mita 1,000 za mlima zinavyoweza kusogeza uchanuaji kwa mwezi mzima. Mwaka wenye joto mapema nao husogeza tarehe kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu mimi huandika "mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei" badala ya kutaja juma moja.

Karibu na ikweta njia hii hupoteza nguvu. Huko mvua ndiyo inayopanga kupanda na kuvuna, sehemu nyingine zina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na miti mingi hupukutisha majani kwa sababu ya kiangazi, si baridi. Mahindi mabichi kwenye picha ya ukanda huo yanaweza kuwa ya mwezi wowote ambao mvua au umwagiliaji uliruhusu. Picha ikiwa ya huko, ripoti yetu hutaja kama ni wakati wa mvua au wa ukavu, na sehemu ya kizio huachwa wazi.