Pampu ya Shela na dhana tatu kuhusu udhibiti wa kutabiri

"Fundi, tangi bado lina maji, pampu yawashwa ya nini mchana huu?" Mwenye nyumba ya wageni hapa Shela aliniuliza hivyo. Dhana yake ndiyo ya wengi: mtambo hutazama hali ya sasa, kisha huamua. Huo ni mtindo wa boya la tangini, linalowasha pampu maji yakishuka. Kidhibiti cha kutabiri hutazama saa zijazo, na mipaka ya huko mbele ndiyo inayoamua cha kufanya sasa.

Tufanye hesabu. Saa 7 mchana tangi lina lita 4,000, na hatutaki lishuke chini ya 1,000. Kisima kinatoa lita 1,000 kwa saa, si zaidi: chini ya maji matamu kuna ya chumvi, na ukivuta kwa pupa yanapanda. Matumizi ni lita 500 kwa saa mpaka saa 11, kisha 2,500 kwa saa mpaka saa 2 usiku, wageni wakirudi kutoka pwani. Lengo ni kuokoa umeme, kwa hiyo pampu haisukumi isipolazimika.

Ukikipa kidhibiti upeo wa kutazama saa tatu mbele, saa 7 kinaona tangi litafika 2,500, hakuna hatari, kinalala. Saa 8 vivyo hivyo. Saa 9 kinaanza kuona jioni, lakini tangi lina 3,000, na hata pampu ikivuta kwa nguvu zote, maji yataisha mnamo saa 1:40 usiku. Ukikipa upeo wa saa saba, kinaona lita 9,500 zitatumika na 3,000 tu ndizo za kuchezea. Zinahitajika 6,500, na kisima hakizidi 7,000. Basi saa hii ya kwanza lazima zivutwe angalau 500.

Dhana ya pili: mpango ukishapangwa, unafuatwa mpaka mwisho. Hapana. Hatua ya kwanza tu ndiyo hutekelezwa, kisha tangi hupimwa na hesabu hurudiwa. Tuseme imevuta 500 hasa, lakini mtu kafua mashuka na matumizi yakawa 700. Saa 8 tangi lina 3,800, jioni bado inadai 9,000, na kwa saa sita kisima kitatoa 6,000 tu. Mwisho ni lita 800.

Hapo huibuka dhana ya tatu, kwamba mipaka yote ni sawa. Ukiandika yote kuwa migumu, isiyovunjwa kamwe, hesabu haina jibu na mtambo unakwama. Mpaka wa kisima uache mgumu. Wa lita 1,000 uulegeze, kila lita inayopungua ilipiwe adhabu kubwa kwenye hesabu. Kidhibiti kitavuta kwa nguvu zote na kukubali 800.

Mimi ningeongeza akiba ya lita 500 juu ya mpaka huo, maana mashuka hayatabiriki.