Dafu au kinywaji cha wanamichezo baada ya mazoezi? Maswali ninayoulizwa kliniki

Nikimaliza kutembea haraka au kukimbia polepole, ninywe maji ya dafu au kile kinywaji cha wanamichezo cha chupa?

Kunywa maji. Najua si jibu ulilolitaka, lakini kwa mazoezi ya wastani yasiyozidi saa moja, maji ya kawaida yanatosha. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo ukiwa katikati yake unaweza kuongea sentensi nzima, ila kuimba huwezi.

Kama una mizani, jipime kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Tuseme mtu ana kilo 70, ametembea haraka kwa dakika 45, na sasa mizani inaonyesha kilo 69 na nusu. Nusu kilo iliyopungua ni jasho, yaani takriban nusu lita ya maji. Ndani ya jasho hilo kuna sodiamu ya miligramu 500 hivi, na potasiamu ya miligramu 100 tu au chini kidogo. Kiasi hicho chote hurudi kwa maji na mlo wake unaofuata. Dafu na chupa vyote ni nyongeza.

Lakini si tunatoa potasiamu kwenye jasho? Nimesikia dafu ndilo linaloirudisha.

Jasho hutoa sodiamu kwa wingi na potasiamu kidogo. Dafu liko kinyume chake: potasiamu nyingi, sodiamu kwa kawaida kidogo. Maji yake hutofautiana kwa umri wa nazi na mahali ilipoota, lakini hesabu ya miligramu 200 za potasiamu katika kila mililita 100 haiko mbali na ukweli. Yule mtu wetu aliyepoteza miligramu 100 akinywa nusu lita ya dafu, anaingiza miligramu 1,000. Ni mara kumi ya alichopoteza.

Kinywaji cha wanamichezo kina potasiamu ndogo sana, miligramu 12 hadi 15 hivi kwa mililita 100, kwa sababu kimetengenezwa kufidia jasho, na jasho halina potasiamu ya kutisha.

Mwenye figo nzima hana la kuhofu kwa dafu moja. Figo zake zitaitoa ziada kwenye mkojo. Shida yangu ni wale ambao figo zao haziwezi, na wengi wao hawajui kwamba haziwezi.

Ni akina nani hao?

Wenye ugonjwa wa figo, kwanza kabisa. Wanaofuata ni wanaotumia dawa za presha au za moyo ambazo hupunguza uwezo wa figo kutoa potasiamu: enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, losatani, telmisatani, na hasa spironolaktoni. Ni dawa nzuri, na nyingine huzilinda figo zenyewe. Ila zinataka uangalie potasiamu unayoingiza. Amlodipini haina tabia hiyo, kwa hiyo soma jina la dawa yako. Usiseme tu "natumia ya presha". Mwenye kisukari cha miaka mingi naye apime figo kabla ya kujiona salama, maana figo huharibika muda mrefu bila kuuma.

Halafu kuna mchanganyiko ninaokutana nao mara kwa mara, na unanichosha. Mtu ana presha, anatumia losatani. Ameambiwa afanye mazoezi, naye ameanza vizuri. Goti linamuuma baada ya kutembea, anameza diklofenaki au ibuprofeni bila kumuuliza mtu. Ameacha chumvi ya kawaida na kuweka ile mbadala, ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa potasiamu. Kisha anakunywa madafu mawili au matatu kwa siku kwa sababu "ni ya asili". Losatani, dawa ya maumivu na jasho lililomkausha vyote vinazibana figo kwa wakati mmoja, huku potasiamu ikiingia kutoka kwenye chumvi na kutoka kwenye dafu. Hakuna hata kimoja alichokiona kuwa kosa.

Kitu cha asili kinawezaje kudhuru?

Potasiamu haina asili wala kiwanda ikishaingia kwenye damu. Kiwango cha kawaida ni takriban milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ikipanda mno, umeme unaoendesha moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama.

Na si wagonjwa wa figo tu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mwanamume wa miaka 42 aliyecheza tenisi kwenye joto kali na kunywa zaidi ya lita mbili na nusu za maji ya dafu siku hiyo. Alianguka na kupoteza fahamu, na damu yake ilikutwa na potasiamu ya juu sana. Ni tukio la nadra, na mtu alikuwa amekunywa kupita kiasi. Lakini kwa mwenye figo dhaifu, kupita kiasi huanza mapema zaidi.

Basi nirudie: kama una ugonjwa wa figo, au unatumia mojawapo ya dawa nilizotaja, usinywe dafu kama kinywaji cha mazoezi mpaka upime potasiamu na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na daktari wako akuambie ni kiasi gani unaruhusiwa. Nusu glasi pia uliza.

Mimi dafu limenishushia presha. Si niache vidonge ninywe dafu?

Hapana. Potasiamu ya kutosha kwenye chakula husaidia presha kwa watu wengi wenye figo nzima, hilo ni kweli. Lakini haichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa. Anayeacha vidonge kwa sababu ya dafu hurudi kwetu na kiharusi au moyo uliopanuka, kisha anashangaa. Usiache vidonge. Na usinywe vyote viwili kwa wingi ukidhani unaongeza nguvu ya dawa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa upande wa sukari, kipi bora?

Dafu lina nafuu. Nusu lita ya maji ya dafu yasiyoongezwa kitu ina sukari ya gramu 15 hadi 20 hivi. Nusu lita ya kinywaji cha kawaida cha wanamichezo ina takriban gramu 30, sawa na vijiko vya chai saba vya sukari na zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Chupa moja imeshavuka kiwango hicho cha pili kabla hujagusa chai.

Na ukitembea ili upunguze uzito, hesabu hivi: dakika 45 za kutembea haraka huunguza takriban kalori 200. Ile chupa inarudisha 120. Kuna watu wanatembea mwezi mzima, uzito uko palepale, na wanalaumu mwili wao.

Dafu la pakiti lisome lebo. Mengine yameongezwa sukari au juisi, na hapo nafuu yote imekwisha.

Mwenye kisukari asinywe chupa hizi kukata kiu. Isipokuwa sukari yake imeshuka katikati ya mazoezi, anatetemeka na kutoka jasho la baridi: hapo mililita 250 za kinywaji cha wanamichezo chenye sukari humpa gramu 15, kipimo kinachofaa kuanzia, kisha apime tena baada ya dakika 15.

Na gharama? Nataka kujua kipi kinanila pesa bure.

Usilinganishe bei ya dafu moja na bei ya chupa moja. Mimina maji ya dafu kwenye chupa yenye alama ya mililita uone umepata kiasi gani, maana moja laweza kutoa mara mbili ya jingine. Kisha gawa bei kwa lita. Mahali minazi inapoota, dafu bichi mara nyingi litashinda kwa bei. Likishasafirishwa na kutiwa pakiti, kwa kawaida huwa ghali kuliko kinywaji cha wanamichezo. Vyote viwili vinashindwa na maji.

Kilichomo kwenye chupa ya wanamichezo ni hasa maji, sukari na chumvi, pamoja na rangi na ladha. Kama unakimbia au kuendesha baiskeli zaidi ya saa moja na una afya njema, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 15 vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa, vinakupa kitu kinachokaribiana nacho sana. Hicho ni cha safari ndefu tu. Usikinywe ukiwa umekaa, na usimpe mtu mwenye kuhara. Wa kuhara anywe ORS. Dafu pia si mbadala wa ORS.

Nina presha, nilikunywa madafu matatu baada ya mazoezi. Sasa miguu imelegea na moyo unaruka mapigo. Nipumzike kwanza nione?

Usipumzike uone. Nenda hospitali sasa hivi, na usijiendeshe mwenyewe.

Huku kusubiri ndiko kunakotuletea watu wakiwa wamechelewa. Mtu anasema "nimechoka na mazoezi", analala, anaamka asubuhi hawezi kusimama, au haamki. Uchovu wa mazoezi hupungua ukikaa na kunywa maji, na haukufanyi moyo uruke. Udhaifu wa misuli unaozidi huku umekaa, mapigo yanayokwenda ovyo au polepole mno, kizunguzungu cha kutaka kuanguka: kwa mwenye figo dhaifu au mwenye dawa zile, hiyo ni dharura. Mara nyingine potasiamu hupanda bila dalili yoyote, kwa hiyo zikishajitokeza usizipime kwa subira.

Kunywa maji mengi ili "kuisafisha" hakusaidii figo zilizoshindwa. Wala chai, wala limau.

Ukifika, waambie mapokezi maneno haya bila kuzunguka: nina presha, natumia dawa hii, nimekunywa dafu kiasi hiki, moyo unaruka. Beba vidonge vyako vyote, na vya maumivu pia, hata vile ulivyonunua mwenyewe. Watakupima umeme wa moyo, na kipimo hicho huchukua dakika chache tu, damu itafuata. Potasiamu ikiwa juu kweli, kuna dawa ya mshipani ya kuulinda moyo na nyingine za kuishusha, na hufanya kazi haraka mtu akiwahi.