Demareji si ya bandari

Mfanyabiashara wa Kariakoo akitoka Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam, uso umemkunjamana, sentensi ni ile ile: "Bandari wamenipiga demareji." Kuna makosa mawili hapo. Bandari haitozi demareji, na nusu ya pesa alizolipa pengine si demareji hata kidogo.

Kwa ufupi, demareji ni tozo ya kuchelewesha kontena la mwenye meli likiwa bado bandarini au bandari kavu, yaani yadi ya nje ya bandari inayopokea makontena yaliyoshushwa, baada ya siku za bure kuisha. Anayelipwa ni kampuni ya meli, kupitia wakala wa meli. Basi.

Neno lenyewe ni la Kifaransa cha kale, *demorer*, yaani kukawia au kukaa mahali, na mizizi yake ni *mora* ya Kilatini, kuchelewa. Mwanzoni halikuhusu kontena, kwa sababu makontena hayakuwepo. Lilihusu meli nzima. Mtu akikodi meli ya kubeba ngano au saruji, mkataba humpa siku kadhaa za kupakia na kupakua. Akizipitisha, humlipa mwenye meli kwa kila siku ambayo chombo kimezuiwa gatini badala ya kwenda kutafuta nauli nyingine. Hiyo ndiyo demareji halisi, na ipo mpaka leo kwa meli za nafaka, mbolea na mafuta. Tena ina upande wa pili wa kiungwana: ukimaliza mapema, mikataba mingi humtaka mwenye meli akurudishie kitu kwa siku ulizookoa, mara nyingi nusu ya kiwango.

Makontena yalipoanza kusafirishwa baharini mwaka 1956, meli haikuwa tena na haja ya kumsubiri mwenye mzigo. Inashusha makasha na kuondoka. Kinachobaki kikichelewa ni kasha, na kasha kwa kawaida ni la kampuni ya meli. Neno likahama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye sanduku, ila ule uungwana wa kurudishiwa pesa haukuhama nalo.

Sasa tofauti yenyewe. Kontena moja la mzigo wa kutoka nje linaweza kukuwekea wadai wawili na saa tatu zinazohesabu siku, kila moja kivyake. Saa ya kwanza ni ya storeji: kodi ya sakafu, anayolipwa mwenye eneo lililokaliwa na kontena, awe mwendeshaji wa gati au mwenye bandari kavu. Saa ya pili ni demareji, ya kampuni ya meli, kontena likiwa ndani. Saa ya tatu ni ditensheni, ya kampuni ya meli hiyo hiyo, kontena likiwa limeshatoka getini na halijarudishwa tupu. Kampuni nyingine huziunganisha hizi mbili za mwisho kwa siku za bure za pamoja, kwa hiyo soma masharti kabla mzigo haujapakiwa kule ulikonunua, maana siku za bure huombwa kule, si hapa.

Tuchukue mfano wa kontena la futi 20. Tuseme storeji ina siku 5 za bure, demareji siku 10, na ditensheni siku 5 tangu kutoka getini. Meli imeshusha tarehe 1. Hati halisi za shehena zimechelewa kufika, kisha forodha wakahoji thamani ya mzigo, kontena likatoka tarehe 16. Limerudishwa tupu tarehe 24. Storeji imehesabiwa tarehe 6 hadi 16, siku 11. Demareji tarehe 11 hadi 16, siku 6. Ditensheni inaanza tarehe 22, baada ya siku 5 za bure, mpaka 24: siku 3. Jumla ni siku 20 za kulipia ndani ya kalenda ya siku 24, kwa sababu tarehe 11 hadi 16 zimelipiwa mara mbili kwa watu wawili tofauti. Jumapili na sikukuu kwa kawaida zimo kwenye hesabu, na kiwango cha kila siku hupanda kadiri unavyokawia.

Hapo ndipo imani ya kwamba kuhamishiwa bandari kavu kunasimamisha saa inapowaponza watu. Bandari kavu bado ni eneo lililo chini ya forodha. Kontena limebadilisha sakafu tu, na saa ya kampuni ya meli inaendelea kama ilivyokuwa.

Mkanganyiko huu haukuzuka hivi hivi. Wakala wa forodha, yule unayemtuma kugomboa mzigo, mara nyingi hulipa vyote kwa mkupuo na kukuandikia mstari mmoja: "demareji na gharama za bandari". Yeye si mtu wa serikali, ni wa sekta binafsi mwenye leseni, na kazi yake yote ni mbio dhidi ya saa hizo. Siku zikipita, mstari huo mmoja unaficha nani kalipwa nini, na pia nani alichelewesha.

Ukitaka kuona saa ya tatu kwa macho, simama Kurasini jioni, karibu na dipo za makontena matupu. Tarehe inayohesabiwa ni ile iliyoandikwa kwenye intachenji, karatasi ya kupokelea kontena getini. Lori lililofika saa kumi jioni likakuta foleni au dipo imejaa halijarudisha kitu. Hivyo dereva na utingo wanalala palepale, na kwa sababu wanalala, kuna mama lishe mwenye wali maharage usiku, kuna fundi wa pancha, kuna mlinzi wa kulinda betri na dizeli. Kule ghalani makuli wanapatana bei kwa kontena, si kwa siku, na wanashusha hata usiku wa manane, maana mwenye mzigo anahesabu tarehe.

Kwenye geti la dipo mkaguzi anaingia ndani ya kontena, milango inafungwa, naye anatazama juu. Nuru ikipenya kama nyota, kuna tundu. Anakagua pia mabonyeo, sakafu iliyolowa mafuta na misumari iliyoachwa. Anachoandika ndicho kitakachokatwa kwenye dipoziti ya kontena, ile pesa ya dhamana uliyoiacha kwa kampuni ya meli. Ndiyo maana dereva makini hukagua vilevile siku ya kulitoa bandarini na kuhakikisha tundu la zamani limeandikwa kwenye intachenji ya kutokea. Lisipoandikwa, ni lako. Pesa hii nayo watu huiita demareji, wakati ni gharama ya matengenezo.

Kwa hiyo ndugu yetu wa Kariakoo akisema tena bandari wamempiga demareji, usibishane naye. Muombe ankara na stakabadhi, si ule muhtasari wa wakala. Ikiwa juu kuna jina la mwendeshaji wa gati au bandari kavu, ile ni storeji. Ikiwa kuna jina la wakala wa meli, tazameni tarehe ya kutoka getini: siku za mpaka tarehe hiyo ni demareji, zilizo baada yake ni ditensheni.