Kutoa 16% si kuondoa VAT: makosa ya kurudi nyuma kutoka bei ya mwisho

Nchini Kenya bei iliyobandikwa kwenye rafu kwa kawaida huwa tayari imebeba VAT ya asilimia 16. Anayehitaji kujua bei halisi ya bidhaa kabla ya kodi, iwe kwa hesabu za duka au kwa kulinganisha wauzaji wawili, hulazimika kurudi nyuma. Kosa linalotokea hapo ni lilelile kila mara, na kikokotoo hakikuonyi, kwa sababu kimefanya ulichokiambia.

Dhana: Bei ina VAT ya asilimia 16, basi toa asilimia 16 ubaki na bei ya awali.

Tuchukue pampu ya maji ya shilingi 8,700, VAT ikiwa ndani. Ukibonyeza 8700, alama ya kutoa, 16, kisha %, kikokotoo cha kawaida kitakupa 7,308. Sasa ipande njia hiyo kurudi ulikotoka: asilimia 16 ya 7,308 ni 1,169.28, na ukijumlisha unapata 8,477.28. Umepungukiwa na shilingi 222.72. Ingekuwa bei sahihi, ungefika 8,700 bila kubakiza senti.

Ukweli ni kwamba ile 16 haikuhesabiwa juu ya 8,700. Muuzaji alianza na bei yake, akaihesabia kodi, akaiongeza juu. Igawe bei yake katika vipande 100. Kodi ni vipande 16 vya ukubwa uleule, na mnunuzi analipa vipande 116. Kwa hiyo 8,700 ni vipande 116, na kazi yako ni kutafuta vipande 100:

```
8700 / 1.16 = 7500
8700 - 7500 = 1200
```

Bei kabla ya kodi ni 7,500 na VAT ni 1,200. Jaribu: asilimia 16 ya 7,500 ni 1,200 kamili.

Anayetaka kodi peke yake ana njia ya mkato. 16 juu ya 116 hupunguka kuwa 4 juu ya 29. Gawanya 8,700 kwa 29 upate 300, zidisha kwa 4 upate 1,200. Hii ni hesabu nzuri ya kukagua risiti ukiwa bado umesimama kaunta.

Dhana: Tofauti ni ndogo, haina madhara.

Njia ya kutoa ilikupa kodi ya 1,392 badala ya 1,200. Imezidi kwa 192, na hiyo 192 ni asilimia 16 ya kodi halisi. Haitokei kwa bahati: kila ukitumia njia hiyo, kodi yako itazidi kwa asilimia 16, iwe ni sabuni au lori la saruji. Bei ya awali nayo itapungua kwa asilimia 2.56.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa anaporudisha hesabu za VAT kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi. Akiandika 1,392 huku ankara ya muuzaji ikisema 1,200, amedai pesa ambazo hazikulipwa. Kwenye mauzo mambo hugeuka: akitumia njia hiyohiyo atalipa kodi zaidi ya aliyokusanya, na anayeumia ni yeye mwenyewe. Dalili ni rahisi kuiona. VAT ikiwa ndani ya bei, haiwezi kuzidi asilimia 13.8 ya jumla. Ukiona kodi uliyoipata ni asilimia 16 kamili ya jumla, ulitoa badala ya kugawanya.

Dhana: Gawanya jumla ya risiti kwa 1.16 na kazi imekwisha.

Ni kweli pale tu kila kitu kwenye risiti kinapotozwa 16. Mkate wa kawaida na unga wa mahindi hutozwa asilimia 0. Tuseme risiti ya dukani ni 1,420, ambapo unga na mkate ni 260, na sabuni na mafuta ya kujipaka ni 1,160. Ukigawanya yote kwa 1.16 utapata kodi ya 195.86. Gawanya 1,160 peke yake upate 1,000. Kodi ni 160, na bei kabla ya kodi ni 1,000 kuongeza 260, yaani 1,260. Kwenye risiti nyingi kila mstari una herufi ya kiwango chake cha kodi, na chini kuna jedwali la herufi hizo. Anzia hapo kabla ya kugusa kikokotoo. Vilevile, muuzaji ambaye hajasajiliwa kwa VAT haruhusiwi kuitoza, kwa hiyo kwenye bei yake hakuna cha kugawanya.

Dhana: Kodi zikiwa mbili, gawanya mara mbili.

Hapa hata wazoefu huteleza, kwa sababu jibu linategemea kodi ya pili imekaa juu ya nini.

Mkahawani utakuta VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na zote mbili huhesabiwa juu ya bei ileile ya chakula. Basi zinajumlishwa kuwa 18. Bili ya 2,360 unaigawanya kwa 1.18 upate 2,000. VAT ni 320, tozo ni 40. Ukigawanya kwa 1.16 kisha kwa 1.02 utapata 1,994.59, kwa sababu umechukulia kwamba tozo moja imetozwa kodi ya nyingine.

Salio la simu ni kinyume chake. Kwanza kuna ushuru wa bidhaa, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15. Kisha VAT hutozwa juu ya bei pamoja na ushuru huo. Hapa ndipo pa kuzidisha: 1.15 mara 1.16 ni 1.334. Kwa kiwango hicho, katika salio la shilingi 100 huduma yenyewe ni 74.96, ushuru 11.24 na VAT 13.79, senti moja imepotea kwenye kukadiria tu. Swali la kujiuliza ni moja: kodi hii ilihesabiwa juu ya bei tupu, au juu ya bei ambayo tayari ina kodi nyingine?

Dhana: Kugawanya kila bidhaa na kugawanya jumla ni mamoja.

Karibu, lakini senti husogea. Bidhaa ya 99, VAT ikiwa ndani, ni 85.34 kabla ya kodi; ukinunua kumi, ni 853.40. Ukigawanya 990 kwa mpigo unapata 853.45. Fuata njia ya ankara unayoikagua, usichanganye mbili. Kwenye lahajedwali, bei ya mwisho ikiwa B2, weka fomula ya kwanza kwenye C2 na kodi ipatikane kwa kutoa, ili jumla isivunjike:

```
=ROUND(B2/1.16,2)
=B2-C2
```

Dhana: Kigawanyo ni 1.16 daima.

Kigawanyo hufuata tarehe ya risiti, si ya siku unayohesabu. Kuanzia 1 Aprili 2020 hadi 31 Desemba 2020, VAT ya Kenya ilikuwa asilimia 14. Risiti ya Agosti 2020 ya shilingi 5,700 hugawanywa kwa 1.14: bei 5,000, kodi 700. Ukiipitisha kwenye 1.16 utaandika 4,913.79, na kodi ya 786.21 ambayo muuzaji hakuitoza.