Amiba walishaondoka, tumbo bado lina hasira

"Niliharisha vibaya mwezi wa tatu, mpaka leo tumbo linasokota, si amiba hawajaisha? Nirudie flajili?"

Hapana dada, kama choo kimepimwa na hakina kitu, mara nyingi mdudu keshaenda, ila mishipa ya fahamu ya utumbo imebaki na wenge, gesi kidogo tu inauma kama kisu. Shoga yangu wa Ngamiani alimeza dozi 3, wapi, dawa zenyewe zinavuruga bakteria wazuri. Alipopunguza maharage, vitunguu na maziwa, akawa anakula kidogo kidogo, kama miezi 8 hivi likatulia, wengine huchukua miaka. Mara nyingi ukishaenda chooni maumivu yanapungua. Ila ukiona damu, homa, unakonda au kuhara kunakuamsha usiku, hiyo ni nyingine, wahi hospitali.